Sehemu B, Sikubali

Tangazo lilikuwa la ukurasa mmoja tu. Kwa mzazi mwingine yeyote lingekuwa karatasi ya shule, ya kusomwa mara moja na kutupwa juu ya kabati pamoja na risiti. Lakini Fundi makochi alikuwa amekaa mwaka mzima na miezi mitatu bila kupata chochote kutoka kwenye maisha ya binti yake, hata picha, hata salamu. Tangazo lilipoingia kwenye simu yake Alhamisi asubuhi, alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu lililochunwa kitambaa chote, limebaki mbao na springi. Akaweka nyundo chini, akatema misumari aliyokuwa ameibana mdomoni, akaenda moja kwa moja duka la stesheneri kulichapisha. Kioo cha simu yake kilikuwa na nyufa, na jambo hili alitaka kulishika mkononi.

Juu kabisa palikuwa na jina la mtoto, majina yote matatu, na la mwisho lilikuwa lake yeye Fundi. Chini ya jina: Darasa la Nne B. Alipoondoka mjini, mtoto alikuwa darasa la pili. Alisimama pale dukani kwenye mlango, watu wanampita huku na huku wakimwambia samahani kaka, samahani, naye anasoma neno "Nne" kana kwamba ni barua ndefu. Kisha akaendelea.

"Mzazi au mlezi mpendwa. Alhamisi ijayo wataalamu wa kituo cha afya watafika shuleni kupima macho, masikio na meno ya wanafunzi, pamoja na urefu na uzito. Hakuna sindano, hakuna damu itakayochukuliwa, wala dawa itakayotolewa. Mwalimu atakuwapo muda wote. Majibu ni siri na utaletewa kwenye bahasha iliyofungwa. Tunaomba ridhaa yako. Kama unakubali, saini Sehemu A na uirudishe. Mtoto ambaye karatasi yake haikurudi hatapimwa.

"Kama hukubali, fuata hatua hizi:

"1. Jaza Sehemu B. Unaweza kukataa vipimo vyote au baadhi.

"2. Ifikishe ofisini kwa mkono, au itume kwa picha ya simu, kabla ya Jumatano saa nne asubuhi.

"3. Huhitaji kutoa sababu. Mtoto hataadhibiwa, atabaki darasani na mwalimu wake.

"4. Unaweza kubadili uamuzi wako wakati wowote kwa kusaini Sehemu C.

"5. Endapo mzazi mmoja amekubali na mwingine amekataa, mtoto hatapimwa siku hiyo, na wazazi wote wawili wataalikwa shuleni wazungumze na muuguzi."

Hapo kwenye hatua ya tano ndipo Fundi alipoganda. Aliisoma mara tatu. Wazazi wote wawili wataalikwa shuleni. Na shuleni, jamani, ndiko mtoto aliko.

Sasa usije ukamdhania mabaya mapema. Hakuna mahakama iliyomkataza kumwona mtoto, wala mama wa mtoto hakuwahi kumwambia usikanyage hapa. Waliachana miaka minne iliyopita, kimyakimya, kama watu waliochoka kubeba kitu kizito, na Mama Chiriku akaolewa tena upande wa pili wa mji. Chiriku ni jina ambalo Fundi mwenyewe alimpa binti yao, kwa kuwa mtoto yule alikuwa akianza kuongea asubuhi mdomo haupati likizo mpaka anapolala. Kila Jumapili moja, ikipita moja, Fundi alikuwa anakwenda kumchukua, wanazunguka mjini, Chiriku mabegani kwa baba yake. Na baba mwenyewe alivyo mrefu, mtoto alikuwa akijisifu kwamba anaona paa za magari.

Halafu ikaja kazi ya viti vya ukumbi, mji mwingine, mbali. Miezi mitatu tu, alimwambia mtoto. Miezi mitatu ikazaa mitatu mingine. Simu ikaanguka kwenye ndoo ya gundi, namba zikapotea. Aliporudi mjini, baada ya mwaka na zaidi, alitafuta namba ya Mama Chiriku mpaka akaipata, akapiga, akapokea mwanaume. Sauti ya upole tu, "Hallo, nani mwenzangu?" Fundi akakata. Hapo ndipo aibu ilipomshika. Siku moja ikawa wiki, wiki ikawa miezi miwili. Shuleni hakwenda, hata mtaa ule aliukwepa. Kitu kimoja tu alithubutu kukifanya: alipiga simu ofisi ya shule, akamwomba karani abadilishe namba yake kwenye rejesta. Karani akasema sawa, baba wa mtoto, nimeandika. Fundi aliishi na maneno hayo, baba wa mtoto, wiki nzima.

Alirudi karakana na karatasi amekunja mara nne. Mzee Springi alikuwa pale pale alipomwacha, anafunga kamba za springi kwa vidole vyake vigumu. Huyu ndiye aliyemfundisha Fundi kazi, na ana ulimi ambao umewakimbiza wateja wengi kuliko bei.

"Umekwenda kujifungua?" aliuliza Mzee Springi bila kuinua kichwa. "Mwenye kochi amepita hapa, nimemwambia fundi wake yuko leba."

Fundi akampa karatasi. Mzee akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma taratibu, midomo ikichezacheza.

"Jambo jema. Saini A urudi kazini."

"Nataka kusaini B."

"B ya nini? Una tatizo gani na mtoto kutazamwa meno?"

"Sina tatizo. Soma ile ya tano."

Mzee akaisoma ile ya tano. Kisha akavua miwani kabisa, akamtazama mwanafunzi wake wa zamani namna anavyotazama mbao iliyoliwa na mchwa.

"Yaani umkatalie mtoto kipimo ili wewe uitwe."

"Ni wiki moja tu, Mzee. Naitwa, nafika, namwona, nasaini hiyo C, mtoto anapimwa. Nani ameumia?"

"Nenda kwa mama yake ukaombe kumwona mtoto wako. Kama mtu mzima."

"Nitasemaje? Nimepotea mwaka na miezi, nitatokea tu mlangoni pale kwa mume wa watu? Hii karatasi ni mwaliko. Nitakuwa nimeitwa."

Mzee Springi alirudisha miwani kwenye paji la uso na kushika kamba zake. "Mimi nimekwambia," alisema. "Na huyo mtoto unamjua macho yake? Unajua anasikiaje? Wewe unajua nini habari zake?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu hakujua. Lakini alijiambia Chiriku ana macho ya kunguru, alikuwa akiona paa za magari. Mtu akishaamua jambo lake, hakosi la kujiambia.

Jumatano saa mbili na nusu Fundi alikuwa ofisi ya shule, na shati la kola. Angeweza kutuma picha ya simu, tangazo lilisema wazi, lakini alitaka kukanyaga pale. Ofisi ilikuwa na kaunta ya mbao, kalenda, na rundo la karatasi zilizorudi, limekandamizwa kwa puncha ya kutobolea karatasi. Karani alikuwa mama mnene wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye nywele, kalamu nyingine mkononi.

Njia nzima Fundi alikuwa akipanga sababu. Alikuwa nazo nne: kwamba anataka kwanza kujua wataalamu ni akina nani, kwamba mtoto ni mwoga, kwamba ana daktari wake, na ya nne ilikuwa kali kuliko zote lakini ameisahau. Akaweka Sehemu B kwenye kaunta, akakohoa.

Karani akaisoma. Akatazama kisanduku cha "vipimo vyote" kilichowekwa alama, akatazama saini, akafungua rejesta kuhakikisha kwamba jina lake limo kama mzazi. Akagonga muhuri wa tarehe, akaandika saa pembeni, akatoa nakala na kumkabidhi.

"Asante, mzazi."

"Ndio hivyo tu?"

"Ndio hivyo tu."

"Huniulizi kwa nini?"

"Tangazo limesema huhitaji kutoa sababu. Nikikuuliza nitakuwa nimevunja utaratibu wetu wenyewe." Akamtazama kidogo. "Unataka kuniambia?"

Fundi akafungua mdomo. Sababu zote nne zikayeyuka kama barafu ya soda. "Hapana."

Karani akachambua lile rundo, akatoa karatasi nyingine yenye jina lile lile. "Mama yake amesaini A tangu Alhamisi iliyopita. Kwa hiyo tunakwenda hatua ya tano. Jumanne, saa tano asubuhi, muuguzi anarudi kuwapima waliokosa. Mtazungumza naye wote wawili. Nitampigia mama leo hii." Akaongeza kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani: "Alisaini siku ile ile, baba. Akaniuliza hawawezi kuja mapema."

Fundi aliposikia hivyo, alilitazama lile rundo. Angeweza kusema palepale, nipe hiyo C nisaini. Kalamu ilikuwepo, karani alikuwepo, na karatasi ilikuwa mezani. Akafikiria Jumanne saa tano. Akaaga, akatoka. Darasa moja lilikuwa likiimba jedwali la kuzidisha la saba, na alipita ukuta ule polepole, sikio limesimama, akijaribu kuitambua sauti moja kati ya sauti arobaini. Hakuitambua.

Alhamisi ya upimaji hakufanya kazi ya maana. Alipigilia kitambaa upande usio wake, akakibandua, akakipigilia tena vilevile. Mzee Springi hakumtania hata mara moja, na ukimya wa Mzee Springi ni adhabu. Fundi alikuwa akiona darasa la nne B limepanga foleni uwanjani, wamevua viatu tayari kwa mizani, wanachekana vidole, na mtoto mmoja amebaki ndani na daftari. Alijiambia hayuko peke yake, lazima wako na wengine. Usiku wa Jumatatu alipiga pasi shati lile la kola mara mbili.

Jumanne walikutana kwenye chumba cha vitabu, chumba kirefu chembamba, rafu pande zote mbili na mlango upande mmoja. Kwenye ukuta wa mwisho ilitundikwa chati nyeupe yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, kubwa juu, ndogondogo kadiri zinavyoshuka. Sakafuni palichorwa mistari miwili ya chaki: mmoja karibu na mlango, mita sita kutoka kwenye chati, mwingine katikati, mita tatu. Muuguzi alikuwa kijana, ana sauti ya kutuliza na saa kubwa ya mkononi. Mama Chiriku alikuwa ameshakaa.

Fundi alikuwa ameogopa atakuta hasira. Alikuta uchovu. Walisalimiana kama watu wa foleni moja.

Muuguzi akaeleza upya yote yaliyo kwenye tangazo, bila haraka. Upimaji si matibabu, alisema. Ni kuangalia tu nani anahitaji kwenda kuchunguzwa zaidi. Hakuna mtoto anayelazimishwa, hata kama wazazi wamekubali, akisema hataki anaachwa. Na mzazi aliyekataa ana haki yake, hakuna anayemlaumu. "Kwa hiyo, baba," alimaliza, "kama kuna kinachokutia wasiwasi, niulize. Nitakujibu ninachokijua."

Kabla Fundi hajapata la kusema, Mama Chiriku akaongea, macho yake kwenye mikono yake.

"Mwalimu amemhamisha dawati mara mbili mwaka huu. Sasa yuko mbele kabisa, na bado ananakili kwa mwenzake. Mwezi uliopita amepigiwa kelele kwa udanganyifu. Hakudanganya, alikuwa anasoma ubao kwenye daftari la mwenzake. Nilikwenda kituo cha afya, wakaniambia mtaalamu wa macho yuko kwenye ziara ya mashule, atafika kwenu wiki fulani, msubirini huko. Nikasubiri. Alhamisi wamebaki darasani watatu. Alirudi nyumbani akaniuliza, mama, mimi nimekosa nini."

Huko nje kengele ikalia na kunyamaza.

Fundi alikuwa amepanga atasema ameelimishwa vya kutosha na ameridhika, kisha asaini C kwa heshima zake zote. Maneno hayo hayakutoka. Yaliyotoka ni haya:

"Mimi sina neno na macho, wala masikio, wala meno. Nilitaka kumwona. Nilisoma pale kwamba tutaitwa."

Muuguzi akaangalia saa yake, ingawa hakuwa na haja ya kujua saa ngapi. Mama Chiriku akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Umemkatalia mtoto kipimo ili uitwe."

"Ndiyo."

"Si ungekuja nyumbani ukagonga mlango."

"Ningesema nini?"

"Ungesema hodi," alisema Mama Chiriku. "Ungesema hodi, ningekwambia karibu, mtoto angekurukia shingoni. Mume wangu mwenyewe ananiuliza kila mwezi, huyu baba yake yuko wapi. Ulidhani nani amekufungia mlango?"

Hakuna aliyemfungia. Fundi alilijua hilo siku zote, lakini kuna mambo mtu anayajua kwa pembeni, na siku yakiwekwa mbele yake hana pa kuangalia. Alivuta karatasi. Saini ya Sehemu C ikatoka imepinda. Muuguzi akaandika tarehe na saa, akasaini kama shahidi, akasema kwa kuwa chati iko ukutani na wote wako hapa, mtoto anaweza kupimwa sasa hivi.

"Naweza kumsalimia kwanza?" aliuliza Fundi.

Muuguzi akafikiri. "Nikuombe kitu, baba. Akishajua uko hapa, machozi yatajaa, na macho yenye machozi hayapimiki. Nipe dakika kumi. Kaa pale mwisho, kwenye kile kigoda chini ya chati, ndiyo nafasi iliyobaki. Akikuona mwenyewe, sawa, tutasimama. Ila usimwite, wala usimsaidie kwa neno lolote. Ukimya ni sehemu ya kipimo."

Fundi akaenda akakaa, magoti yakamfika kifuani kwa urefu wake. Mama Chiriku akabaki karibu na mlango. Mwaka na miezi mitatu, na sasa dakika kumi. Alijiambia hazitafika. Akiingia tu ataniona. Atanipigia kelele mpaka vitabu vianguke.

Mlango ukafunguliwa, Chiriku akaingia.

Amekuwa mrefu. Hilo ndilo la kwanza, amerefuka miguu kama yake, soksi moja imeshuka. Fundi akabana meno. Mtoto akamtazama mama yake, akamtazama muuguzi, kisha akageuza uso kule mwisho wa chumba. Alimtazama Fundi usoni, moja kwa moja.

"Shikamoo," alisema, kwa adabu, kama anavyoamkiwa fundi bomba aliyekuja kutengeneza mfereji.

Fundi hakuitika. Aliahidi. Na hata kama asingeahidi, sijui angetoa sauti gani. Amenisahau, aliwaza. Basi. Nimemwacha mwenyewe mpaka akanisahau. Kati ya adhabu zote alizojiandalia, hii hakuwa ameiweka kwenye hesabu.

Muuguzi akamuuliza mtoto kama anakubali kupimwa macho, mtoto akasema ndiyo, upesi, kama mtu anayeogopa wasije wakaghairi tena. Akasimamishwa kwenye mstari wa mlangoni. Akaoneshwa namna ya kuziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na namna ya kuonesha kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Juu, chini, kulia, kushoto. Alielewa haraka.

"Ile kubwa ya juu kabisa," alisema muuguzi. "Inaelekea wapi?"

Mtoto akakunja macho.

"Usiyakunje. Angalia tu."

Mkono wa Chiriku ukapanda, ukasita, ukaenda kulia. Miguu ya herufi ilikuwa inaelekea chini. Herufi yenyewe ilikuwa kubwa kama bamba la tofali, na Fundi alikuwa amekaa chini yake. Muuguzi akamwambia jaribu tena. Mkono ukaenda juu. Jicho la pili likawa vilevile. Mtoto akaanza kubahatisha, kushoto, kulia, upesi upesi, uso umemjaa aibu ya mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mwenzake analijua.

Ndipo Fundi alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimjia polepole, kwanza kwa mashaka. Mtoto haoni. Hajanisahau, haoni. Furaha ikamruka, na palepale ikamfia mikononi, maana ni furaha gani hiyo, baba kufurahi kwamba mwanawe haoni. Neno moja tu lilihitajika. Angesema "Chiriku," na mtoto angeijua sauti hiyo hata gizani. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini wiki nzima alikuwa amekichezea kipimo hiki kwa ajili ya haja yake mwenyewe, na safari hii alitaka kiwe cha mtoto. Akafunga mdomo. Alishika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Njoo mstari wa pili," alisema muuguzi.

Mita tatu. Ile kubwa ya juu sasa aliipata kwa jicho la kulia, na kwa la kushoto baada ya kusita. Ya chini yake hapana. Mara mbili macho yake yalipita juu ya yule mtu mrefu wa kwenye kigoda, hayakusimama. Muuguzi akaandika namba kwenye fomu yake, kisha akamweleza Mama Chiriku kwa sauti ya chini kwamba atawaandikia barua ya rufaa ya kliniki ya macho ya hospitali, waende wiki hii wasingoje. Kwamba mara nyingi hali ya namna hii inasaidiwa na miwani, ila la uhakika watalisema huko baada ya kumchunguza. Mama Chiriku alitikisa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Tumemaliza," muuguzi alimwambia mtoto. "Umefanya vizuri. Unataka kuiona ile herufi kwa karibu?"

Chiriku akasogea. Hatua moja. Ya pili. Alikuwa anatazama juu, kwenye chati, mdomo wazi kidogo. Katika hatua ya tatu akashusha macho, akasimama.

Alimtazama muda mrefu. Alisogea tena, akainama mbele, mpaka Fundi akahisi pumzi yake, akayapeleka macho yake kwenye nyusi, kwenye pua, kwenye lile kovu la kidevuni, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakiki. Hakuruka shingoni. Hakupiga kelele.

"Ni wewe kweli?" aliuliza.

Fundi akamtazama muuguzi, muuguzi akaitikia kwa kichwa.

"Ni mimi, mwanangu."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

Mtoto akameza mate. "Maana kila siku tukitoka," alisema, na sasa maneno yakaanza kutoka kwa mkupuo, kama zamani, "kila siku kama kuna mtu mrefu kule ng'ambo ya geti, najua ni wewe. Namwambia rafiki yangu yule pale baba yangu. Nakimbia. Nikifika karibu anageuka mtu mwingine. Siku moja nikamshika mkono kabisa mtu, akaniuliza wewe mtoto wa nani. Wenzangu wakanicheka. Sasa siku hizi sikimbii, nawaamkia tu kwa mbali, nangoja waseme wenyewe." Akagusa ukosi wa shati la baba yake lililopigwa pasi. "Ni wangapi walikuwa wewe, baba?"

Fundi akamvuta kwake ili asione uso wake, ingawa kwa karibu namna ile mtoto alikuwa anaona kila kitu. Alitaka kumdanganya, aseme japo mmoja tu.

"Hakuna," alisema.